Mama amefariki, koo mbili zinagombea watoto: fanya hivi, hatua kwa hatua (Tanzania Bara)

Swali hili huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile. Dada amefariki, matanga hayajaanuliwa, na ndugu wa mume wameshasema watoto wafungashiwe nguo. Au linatoka upande wa pili: mke wa kaka amefariki, watoto wako kwa bibi yao mzaa mama, na sasa hata simu hazipokelewi. Kila upande unaamini watoto ni wake, na kila upande una mzee anayeijua mila vizuri sana.

Mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata. Sitakueleza mila gani ni bora. Nitakueleza unachofanya kuanzia siku ya msiba mpaka amri ya mahakama inapotoka, kwa Tanzania Bara tu. Zanzibar wana sheria yao ya watoto ya mwaka 2011 na Mahakama ya Kadhi, na Kenya wana yao. Ukiwa huko usitumie karatasi hii.

Nitatumia shauri moja kama mfano, na nimebadilisha mambo madogo ili familia isitambulike. Watoto watatu: wa kike miaka 11, wa kiume miaka 8, na mdogo wa miaka 3. Mama yao alikuwa na duka dogo na alichangia NSSF kutoka ajira ya zamani. Baba yuko hai, ni dereva wa malori ya safari ndefu. Mahari ililipwa nusu. Miaka miwili ya mwisho mama na watoto waliishi kwa bibi, mama yake mzazi, mwenye miaka 67. Siku ya tatu baada ya mazishi, baba mdogo wa watoto akasimama kwenye kikao akasema watoto wataondoka na shangazi yao.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usiende ofisi yoyote mikono mitupu. Kusanya hivi, na kila kimoja toa nakala mbili:

- Kibali cha mazishi, na baadaye cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Kibali ndicho kinachokuletea cheti, kwa hiyo asikichukue mtu akasafiri nacho.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama hawana, kadi za kliniki zitakusaidia kuanzia.
- Cheti cha ndoa kama kipo. Kama ndoa ilikuwa ya kimila, majina ya watu wawili au watatu waliokuwepo mahari ilipopokelewa.
- Barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji inayosema watoto wanaishi wapi, na nani, na tangu lini. Mweleze aandike tarehe. Barua inayosema "ni mkazi wangu" peke yake haina kazi.
- Barua ya shule inayoonyesha nani ameandikwa kama mlezi na nani amekuwa akifika kwenye vikao vya wazazi.
- Daftari la kawaida. Ndani yake unaandika, kwa tarehe, kila kinachotokea: nani alikuja, alisema nini, alileta nini, mtoto alilala wapi.

Daftari hilo watu hulidharau. Kwenye shauri la yule bibi, lilifanya kazi kuliko karatasi nyingine yoyote.

Hatua ya 1: Jiulize kwanza, baba yuko hai?

Hapa ndipo wengi wanapotea. Baba akiwa hai, ugomvi si kati ya ukoo na ukoo. Baba mdogo, shangazi na babu hawana dai lao wenyewe linalosimama mbele ya baba. Wanachokidai ni cha baba. Kwa hiyo swali la kwanza usimuulize anayepiga kelele kikaoni. Muulize baba: wewe mwenyewe unataka nini, na watoto watalala wapi?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema ni vyema mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa haki zake zinavunjwa nao mara kwa mara. Mama akiondoka, mzazi aliyebaki ana nafasi ya kwanza. Ukiwa upande wa mama, ukubali hilo mapema. Hutashinda kwa kusema "sisi tunawapenda zaidi". Utasikilizwa ukionyesha kwamba baba hatakaa nao yeye, au kwamba kukaa naye kutawaumiza, na kwamba wewe ndiye umekuwa ukiwalea.

Kama baba hakuoa kabisa, kinaangaliwa kwanza ubaba wake. Sheria inakubali jina lake kwenye daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya kwa ajili ya mtoto, na kukiri kwake hadharani kwamba mtoto ni wake. Hata kukataa kupimwa huhesabiwa. Kipimo cha vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na njia salama ya kukipata ni kupitia mahakama au ofisi ya ustawi wa jamii. Usikimbilie huko kama hakuna anayebisha ubaba. Utapoteza miezi na kuwasha moto mpya.

Baba naye akiwa amefariki, hali inabadilika. Hapo jukumu la malezi linaweza kwenda kwa ndugu wa upande wowote, kwa amri ya mahakama au kwa makubaliano ya kimila. Soma maneno hayo tena: upande wowote. Sheria haikusema ukoo wa baba kwanza.

Na mahari? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa iliyotimiza masharti yake haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa au haikuisha. Kwa hiyo upande wa mama ukisema "hakumaliza mahari, watoto ni wetu", na upande wa baba ukisema "tulilipa ng'ombe, watoto ni wetu", wote wawili wamebeba deni la ng'ombe mpaka kwenye shauri la watoto. Mahakama husikia mila za jamii husika, lakini haitakabidhi mtoto kama risiti.

Hatua ya 2: Watoto wabaki pale walipo, na iandikwe

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika wiki mbili za kwanza: kuwahamisha watoto usiku, kuwaficha kwa jamaa wa mbali, au "kuwachukua likizo" na kutowarudisha. Upande unaofanya hivyo hujiona umeshinda. Miezi sita baadaye unasimama mbele ya hakimu ukieleza kwa nini mtoto wa darasa la tano hakufanya mtihani.

Moja ya mambo ambayo sheria inaitaka mahakama iyaangalie ni mwendelezo wa malezi: mtoto amezoea wapi, nani humwamsha, shule gani. Jingine ni ndugu wasitenganishwe. Anayewagawa watoto, "mkubwa kwetu, mdogo kwenu", amevunja yote mawili kwa mpigo.

Kwenye kikao cha familia, hata kama kimejaa hasira, omba jambo moja dogo: watoto wabaki walipo mpaka muhula uishe, na pande zote ziwaone. Usiombe uamuzi wa kudumu siku hiyo, maana watu wana machozi na wengine wanawaza nauli. Kisha muhtasari uandikwe. Hauhitaji maneno ya kisheria. Wa familia ile ulikuwa hivi:

"Kikao cha familia cha tarehe fulani, nyumbani kwa bibi. Waliohudhuria (majina na uhusiano). Tumekubaliana: 1. Watoto wote watatu wataendelea kukaa kwa bibi yao mzaa mama hadi shule zifungwe. 2. Baba atawaona kila akirudi safari, na shangazi anaruhusiwa kuwapigia simu. 3. Baba atatoa matumizi kila mwezi, na yataandikwa kwenye daftari. 4. Suala la kudumu litajadiliwa mbele ya afisa ustawi wa jamii. Sahihi."

Sahihi ziwe za watu wa pande zote mbili, na baba mwenyewe awemo. Akiwa safarini, apigiwe simu mbele ya kikao, iandikwe kwamba alipigiwa na alichosema, kisha asaini akirudi.

Onyo: usiandike "tumewakabidhi watoto". Neno kukabidhi limewaponza wengi. Bibi mmoja mwingine alisaini karatasi ya namna hiyo akidhani ni ya likizo ya Desemba, na karatasi ile ikasomwa mahakamani kama ushahidi kwamba alikubali kuwaachia.

Hatua ya 3: Tenganisha mirathi na malezi

Nimeshasema kikaoni mara nyingi, na mara nyingi nimechukiwa: nani anasimamia mali ya marehemu na nani analea watoto ni maswali mawili. Yanapofungwa pamoja, duka, kiwanja na mafao ya NSSF ndivyo vinavyogombewa, na watoto wanageuka ufunguo wa kabati.

Kuwa msimamizi wa mirathi hakukupi watoto. Kuwa na watoto hakukupi mali. Msimamizi huteuliwa na mahakama ya mirathi; kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, na kurudisha hesabu mahakamani. Watoto ni warithi, na Sheria ya Mtoto inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto sehemu yake ya haki katika mali ya mzazi.

Kwa hiyo fungueni mirathi kwa muhtasari wake tofauti na kwa tarehe tofauti ikiwezekana. Kwa familia ile, mjomba alipendekezwa kuwa msimamizi, baba akakubali, na bibi akabaki na watoto tu. Bibi aliponiuliza kwa nini asishike vyote, nilimjibu kwamba siku atakayosimama kuomba watoto, itakuwa vizuri asiwe na funguo za duka mfukoni. Kama pande mbili haziaminiani kabisa, Kabidhi Wasii Mkuu, yaani RITA, anaweza kuombwa kusimamia mirathi.

Mafao ya mfuko wa jamii nayo yana utaratibu wake na wategemezi wake. Peleka cheti cha kifo na vya watoto, na ujiandae kuulizwa nani ni mlezi. Hapo ndipo barua ya mtaa na muhtasari wa Hatua ya 2 vinapoanza kujilipa.

Hatua ya 4: Nenda kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kwenda mahakamani

Yuko kwenye halmashauri, na kata nyingine zina wake. Mweleze kwa ufupi: mama kafariki lini, watoto wako wapi, nani anadai, nani yuko hai. Mpe nakala. Omba mambo mawili: aite pande zote kwa usuluhishi, na afungue jalada.

Usuluhishi huu si wa kupuuza. Watu ambao kwao wangerushiana viti hukaa kimya ofisini kwa watu. Wakikubaliana, afisa huandika makubaliano. Wasipokubaliana, jalada limeshaanza, na mahakama inaweza kumwagiza afisa huyohuyo aandike taarifa ya uchunguzi. Kwa hiyo anayekuja kwanza kwa utulivu hujulikana kwanza kwa utulivu.

Kwa familia za Kiislamu, mwiteni na sheikh anayeijua hadhana, yaani kanuni za Kiislamu za nani amlee mtoto. Nimeona baba aliyekuwa mkali akipoa aliposikia kutoka kwa mtu wa dini yake kwamba mama akifariki, bibi mzaa mama ndiye anayefuata kulea mtoto mdogo, huku matumizi yakibaki kwa baba. Neno la sheikh haliwi amri ya mahakama, lakini linapunguza fahari ya watu.

Unachopaswa kujua: afisa ustawi, mwenyekiti wa mtaa, mzee wa ukoo na hata polisi, hakuna kati yao anayetoa amri ya malezi ya kudumu. Hiyo hutoka mahakamani.

Hatua ya 5: Peleka maombi Mahakama ya Watoto

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Mtoto kinamruhusu mzazi, mlezi, au ndugu anayemlea mtoto kuomba malezi. Tazama maneno "anayemlea". Bibi ambaye amekuwa na watoto miaka miwili anaingia mlangoni bila shida. Mjomba wa mbali aliyewaona msibani tu ana kazi ngumu ya kueleza anaingia kwa mlango gani.

Mashauri ya mahakama hii husikilizwa na hakimu mkazi, mara nyingi kwenye majengo yaleyale ya mahakama ya wilaya. Muulize karani wa masjala akuelekeze panapopokelewa maombi ya watoto. Usikilizaji ni wa faragha, majirani hawaingii.

Unapeleka maombi pamoja na hati ya kiapo. Kiapo ndicho kinachosomwa kwa makini, kwa hiyo kiandikwe kwa mambo yaliyotokea, si kwa matusi. Linganisha.

Kiapo kibaya: "Baba wa watoto ni mlevi, hajali, na ukoo wake ni wachawi."

Kiapo kizuri: "Tangu watoto wahamie kwangu, mimi na marehemu mama yao ndio tumekuwa tukiwapeleka shule na hospitali. Baba yao ni dereva na hulala nyumbani takriban wiki moja kwa mwezi. Tarehe fulani alinieleza mbele ya fulani kwamba watoto wataishi kwa dada yake. Mtoto wa mwisho hajawahi kuishi kwa shangazi huyo."

Kiapo kama hicho kilibadilisha shauri. Hakimu hakuwa tena anapima bibi dhidi ya baba, maana hapo baba ana uzito wake. Alikuwa anapima bibi ambaye watoto wamemzoea dhidi ya shangazi ambaye hawajaishi naye. Ukiwa upande wa baba, jifunze hapa pia: kama kweli baba atakaa nao, aje mwenyewe, aeleze ratiba ya kazi, nani anabaki nao akiwa zamu, na watasoma wapi. Baba anayewakilishwa na kaka zake kila tarehe anajimaliza mwenyewe.

Udhaifu wa bibi ulikuwa umri. Hatukuuficha. Mama mdogo wa watoto, anayeishi nyumba hiyohiyo, aliungana naye kama mwombaji wa pili. Ukiwa mzee au mgonjwa, fanya hivyo mwanzoni, usisubiri upande wa pili uliseme.

Kwenye maombi hayohayo omba pia amri ya muda, kwamba watoto wasihamishwe hadi shauri liishe, na omba matumizi. Kumlea mtoto hakumfuti baba kwenye jukumu la kumtunza.

Fedha za wakili zikiwa hazipo, tafuta msaada wa kisheria. Upo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, na mashirika kama TAWLA na WLAC yamezoea mashauri haya. Wasaidizi wa kisheria tunaweza kukuelekeza na kukusaidia kuelewa nyaraka, lakini hatusimami mahakamani badala ya wakili. Akitokea anayekwambia vinginevyo na anataka pesa, ondoka.

Hatua ya 6: Taarifa ya ustawi, na sauti ya mtoto

Afisa atakuja nyumbani, na nyumbani kwa upande wa pili pia. Ataangalia mtoto analala wapi, anakula na nani, shule iko umbali gani, nani mwingine anaishi humo. Hatafuti sofa. Nimeona chumba kimoja chenye chandarua na madaftari yaliyopangwa kikipewa sifa kuliko nyumba ya geti ambayo hakuna aliyejua mtoto anasoma darasa gani.

Usiwafundishe watoto maneno. Sheria inataka maoni ya mtoto yaangaliwe yakiwa yametolewa kwa uhuru wake, na watu wanaozungumza na watoto kila siku hutambua upesi sentensi ya mtu mzima kwenye mdomo wa mtoto. Binti wa miaka 11 aliulizwa peke yake. Hakusema lolote kuhusu haki wala ukoo. Alisema shangazi ni mzuri na hupika vizuri, lakini mdogo wao hulia usiku na bibi ndiye anayejua kumbembeleza. Kijana wa miaka 8 alisema anataka kwenda safari na baba. Yote mawili yaliandikwa, na yote mawili yalionekana kwenye amri.

Wakati huu ndipo daftari linapoingia. Bibi alikuwa ameandika kila ziara ya baba, hata zile alizoleta sukari na viatu vya shule. Upande wa baba ulipodai wamezuiwa kuwaona watoto, alilitoa. Daftari lililomsifu mpinzani wake ndilo lililomfanya aaminike.

Hatua ya 7: Amri ikitoka, isome mstari kwa mstari

Amri nzuri haisemi tu "watoto wakae kwa fulani". Kabla ya siku ya uamuzi, omba iguse mambo haya: nani ana malezi, baba na ndugu watawaona lini na kuwarudisha saa ngapi, likizo zinagawanywaje, matumizi yanalipwa kwa njia gani na tarehe gani, na nani anaweza kusaini mambo ya shule na hospitali.

Kwa familia ile, watoto walibaki kwa bibi na mama mdogo, wote watatu pamoja. Baba alipewa nusu ya kila likizo na siku zake akirudi safari, na matumizi ya kila mwezi kwa njia ya simu ili rekodi ibaki. Shangazi aliruhusiwa kuwatembelea. Mlango haukufungwa: hali ya baba ikibadilika, akipata kazi inayomlaza nyumbani, anaweza kurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe. Malezi ya mtoto hayaamuliwi mara moja kama kiwanja.

Chukua nakala zilizogongwa muhuri, peleka moja shuleni, moja kwa afisa ustawi, moja kwa mwenyekiti. Usiyeridhika una haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu. Uliza muda wa rufaa siku hiyohiyo, kabla hujatoka kwenye jengo.

Mambo yakienda kombo

*Watoto wameshachukuliwa.* Usiende kuwarudisha kwa nguvu na vijana wa mtaa. Ripoti siku hiyo kwa afisa ustawi na Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ukiwa na muhtasari na barua ya mtaa. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Polisi wakikwambia "hilo ni la kifamilia", usibishane. Omba afisa ustawi awaandikie, kisha peleka maombi ya amri ya muda mahakamani. Ukiwa na amri tayari, kumwondoa mtoto kwa aliyepewa malezi ni kosa, na hapo hakuna tena neno la kifamilia.

*Watoto wamegawanywa tayari.* Harakisha. Kadiri mmoja anavyozoea upande wa pili, ndivyo hoja ya mwendelezo inavyogeuka dhidi yako. Wakati huohuo dai waonane kila wiki, na uandike kila safari iliyokataliwa.

*Baba yuko hai lakini haongei, ndugu zake ndio wanaongea.* Muite yeye kwa jina kama mjibu maombi. Asipofika baada ya kupewa wito ipasavyo, mahakama inaweza kuendelea bila yeye. Ndugu zake hawawezi kuwa midomo yake.

*Wewe ndiye baba, na wakwe wamekuzuia.* Usikate matumizi kwa hasira. Hilo ndilo kosa linalowamaliza akina baba wengi. Tuma kila mwezi kwa simu, hifadhi ujumbe wa muamala, na peleka maombi yako mwenyewe ya malezi au ya kuwaona watoto. Aliyewaficha watoto atalazimika kueleza, wewe utakuwa na karatasi. Nimeshaona bibi mwenye kila sababu ya kubaki na wajukuu akiwapoteza kwa sababu aliwahamisha mara tatu ili baba asiwapate.

*Ndugu waliolea sasa wamenyimwa watoto.* Hata usipopata malezi, sheria inamruhusu ndugu ambaye amekuwa akimlea mtoto kuomba haki ya kumwona kwa vipindi. Wengi hawaiombi kwa sababu walikuwa wanagombea vyote.

*Cheti cha kuzaliwa hakina jina la baba, au kina jina la mjomba.* Hutokea sana, hasa pale mjomba alipoandikwa ili mtoto aanze shule au apate bima. Usikibadilishe kienyeji katikati ya shauri. Liseme kwenye kiapo, eleza lilivyotokea, lete kadi ya kliniki na shahidi wa siku hiyo, kisha marekebisho yafanyike RITA baada ya ubaba kuthibitishwa.